Kiwanja Kinauzwa: Andika Kile Ambacho Mnunuzi Anaweza Kukikagua

Fungua status za WhatsApp za wanachuo wenzetu hapa Dodoma jioni yoyote. Kati ya picha za graduesheni na mistari ya mapenzi, hutakosa kiwanja. Wengine wanauza cha nyumbani kwao, wengine wanamsaidia dalali ili wapate chochote cha kulipia hosteli. Na karibu matangazo yote yanafanana:

"KIWANJA KIKALI KINAUZWA IHUMWA!! 20 kwa 20, karibu na Mji wa Serikali, dakika tano kutoka lami, huduma zote zipo, dokumenti safi. Bei ya kutupa, njoo inboksi, wahi kabla hakijaondoka!!!"

Lisome tena taratibu, halafu jiulize ni sentensi gani humo ambayo mtu aliyeko Mwanza anaweza kuikagua bila kumpigia aliyeiandika. Hakuna hata moja. Si lazima kila kilichoandikwa kiwe uongo. Tatizo ni kwamba ukweli na uongo ukiviandika kwa namna hiyo vinafanana, na mnunuzi hana pa kuvitenganisha. Ndiyo maana mwenye kiwanja halali naye anaandikiwa "hawa ni matapeli tu" na watu wasiomjua.

Mwaka huu mama yangu mdogo aliamua kuuza kiwanja chake upande huohuo wa Ihumwa ili amalizie ada ya binti yake aliyeko chuo cha uuguzi. Kazi ya kuandika tangazo akanipa mimi, kwa sababu "wewe ndiye unasomea ualimu, unajua kueleza". Ualimu umenisaidia kwa jambo moja. Tunapoandaa somo tunafundishwa kuandika lengo linalopimika, yaani huandiki "mwanafunzi ataelewa", unaandika kile atakachokifanya mpaka ukione. Nikaipeleka kanuni hiyo kwenye kiwanja: kila sentensi iwe na njia yake ya kukaguliwa. Hapa naeleza jinsi nilivyofanya, hatua kwa hatua. Takwimu za kiwanja nimezibadilisha kidogo ili kisitambulike, ila hesabu zake zinafuata mpangilio uleule.

Ukubwa: hatua si mita

Tuanze na "20 kwa 20". Ishirini nini? Madalali wengi hupima kwa miguu, na hatua ya kawaida ya mtu mzima anayetembea ni kama sentimita 75. Hatua 20 hapo ni mita 15. Kwa hiyo kiwanja cha hatua 20 kwa 20 kina mita za mraba 225, wakati cha mita 20 kwa 20 kina 400. Tofauti ni 175. Kwa bei ya shilingi 12,000 kwa mita ya mraba, hizo ni shilingi 2,100,000 zilizopotelea kwenye neno moja ambalo halikuandikwa.

Hata ile ekari ya "70 kwa 70" ni ya hatua. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, sawa na mraba wenye upande wa karibu mita 64. Hatua 70 zinafika hapo ikiwa kila hatua ni ndefu, karibu sentimita 91. Dalali mfupi akipima na dalali mrefu akipima, ekari zao hazilingani.

Kiwanja cha mama mdogo kimepimwa, kwa hiyo ukubwa ulikuwa umeandikwa kwenye hati: mita za mraba 812. Sikuishia kunakili. Niliazima tepu ya mita 50 kwa rafiki anayesoma uhandisi, tukaenda Jumamosi asubuhi tukatafuta mawe ya mpaka, yale wengi tunayaita bikoni. Matatu yalionekana, la nne lilikuwa limefunikwa na udongo, tukalifukua kwa jembe. Tukapima upande kwa upande: 29, 28, 29, 28. Zidisha 29 kwa 28, unapata 812. Tukapima pia kutoka kona hadi kona, maana pande zinaweza kuwa sawa na kiwanja bado kikawa kimelala upande kama sanduku lililokanyagwa. Umbo likiwa la mstatili safi, mistari yote miwili ya kona hadi kona inalingana. Kwetu ilikuwa mita 40.3 yote miwili, na Pythagoras naye anakubali: mzizi wa 841 jumlisha 784 ni 40.3.

Kipimo cha tepu hakichukui nafasi ya mpimaji. Kama namba zetu zingepishana na za hati kwa mita mbili, nisingeandika za kwetu wala zile za hati. Ningemtafuta mpimaji ardhi kwanza, maana huenda jiwe limehamishwa au jirani amesogea. Lakini zikilingana, unaandika ukubwa, urefu wa pande, na kwamba mawe yote manne yanaonekana. Mnunuzi anakuja na tepu yake.

Mahali: kilomita, sehemu ya kuanzia na nguzo ya mwisho

"Dakika tano kutoka lami" inategemea uko kwenye nini. Dakika tano za bodaboda kwenye njia nzuri ni kilomita mbili na zaidi, na za miguu hazifiki hata nusu kilomita. Kwa hiyo acha dakika. Andika kilomita, andika unaanzia wapi, na andika hali ya njia. Sisi tulisoma mita ya pikipiki: kilomita 2.3 kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam, ambapo kilomita 1.2 za mwanzo ni changarawe na zilizobaki ni udongo unaoteleza mvua zikinyesha. Hiyo ya kuteleza tuliiandika pia, kwa sababu mtu akija Januari ataiona hata tusipoandika.

Baada ya hapo weka pini ya ramani, lakini iweke ukiwa umesimama kiwanjani. Nimeona watu wakituma mahali walipo wao, yaani geto, halafu mnunuzi anaishia mlangoni kwa watu. Ukinakili namba za latitudo na longitudo, acha tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni kama mita moja ardhini. Ukibakiza mbili tu, unaweza kumpoteza mtu kwa zaidi ya nusu kilomita. Kumbuka vilevile kwamba simu yenyewe hukosea kwa mita kadhaa hata anga likiwa wazi, kwa hiyo pini inamfikisha mtu kiwanjani, haimwonyeshi mpaka.

Sasa "huduma zote zipo". Kwa umeme, neno "upo" halimsaidii mtu. TANESCO hupanga maombi ya kawaida ya nyumba kwa umbali: ndani ya mita 30 haihitajiki nguzo, mpaka mita 70 ni nguzo moja, mpaka 120 ni nguzo mbili, na gharama hupanda kwa ngazi hizo. Nguzo ya mwisho ilikuwa mita 52 kutoka kona ya mbele ya kiwanja chetu. Mnunuzi akijenga mbele, nguzo moja inatosha. Akijenga nyuma kabisa, ongeza mita 29 za urefu wa kiwanja, anafika 81, na hiyo ni nguzo ya pili. Sentensi "nguzo ya mwisho iko mita 52 kutoka kona ya mbele" inampa mtu hesabu yote hiyo, na anaweza kuipima mwenyewe.

Kwa maji tulifanya vivyo hivyo. Bomba la mamlaka linapita mtaa wa pili, mita 140 hivi, na majirani wawili wa karibu bado wananunua maji ya ndoo. Tukaandika hivyohivyo.

Nyaraka: usiseme safi, taja jina lake

Hapa ndipo matangazo mengi yanapojificha. "Dokumenti safi" linaweza kumaanisha hati miliki, linaweza kumaanisha barua ya toleo, na linaweza kumaanisha karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri serikali ya mtaa. Hivi ni vitu tofauti. Karatasi ya mauziano inaonyesha tu kwamba watu fulani walikubaliana mbele ya mashahidi, haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Barua ya toleo inaonyesha kwamba mtu alipewa kiwanja kwa masharti. Hati miliki ndiyo iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ikiwa na jina la mmiliki, muda wa umiliki na matumizi yaliyoruhusiwa.

Vilevile "kimepimwa" si sawa na "kina hati". Kupimwa maana yake kuna ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kiwanja kina namba yake ndani ya kitalu. Kinaweza kuwa kimepimwa na hakuna aliyewahi kufuatilia hati. Na "kipo kwenye mchakato wa kupimwa" maana yake hakijapimwa. Andika hivyo, usipambe.

Mnunuzi anakagua vipi? Kwa kiwanja chenye hati anaomba upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati, analipia ada, anapewa majibu rasmi: nani amesajiliwa kama mmiliki, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio lililowekwa na mtu. Kwa hiyo tangazo la kweli linasema wazi: "Namba ya hati utapewa ukifanye upekuzi mwenyewe." Muuzaji anayekwepa sentensi hiyo ameshakujibu.

Upekuzi una mipaka yake. Unakuambia kilichoko kwenye daftari, haukuambii nani analima pale wala ndugu gani ananung'unika. Pia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inalinda haki ya mwenzi wa ndoa kwenye ardhi ya familia, na ndoa nyingi zimeingia kwenye kesi kwa sababu mmoja aliuza kimyakimya. Mama mdogo ndiye mwenye jina kwenye hati, lakini tuliandika kwamba mume wake anaridhia kwa maandishi na atakuwepo siku ya kusaini. Mnunuzi anaweza kuuliza hilo hata kwa majirani.

Kodi ya pango la ardhi nayo tuliitaja pamoja na mwaka wa mwisho uliolipwa, kwa sababu deni la nyuma hujitokeza wakati wa kuhamisha umiliki, na hapo ndipo ugomvi wa nani alipe unapoanza.

Kasoro: hapa tulibishana

Upande wa mashariki wa kiwanja umeinama. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mtaa wa juu hupita pale kwenye ukanda wa upana wa mita tatu, kisha yanaendelea kwenye mfereji. Hayatuami, lakini yanapita. Mimi nikaandika. Mama mdogo akasoma rasimu, akavua miwani.

"Mwanangu, wewe unauza kiwanja au unakifukuza?"

Nikamwambia, "Shikamoo tena mamdogo, ila michanga ile iliyobaki pale chini kila mtu ataiona."

"Kwani wanakuja Agosti au Januari? Agosti pale ni pakavu kabisa."

Hoja yake si ya kijinga. Ada ilikuwa inadaiwa, na kila mnunuzi anayekimbia ni wiki nyingine. Kilichomshawishi ni hesabu. Ukanda ule ni mita 3 kwa 28, yaani mita za mraba 84. Zinabaki 728 kavu, ambazo ni nyingi kwa nyumba ya familia. Tukisema sisi wenyewe, kasoro ina ukubwa: ni mita 84, mahali fulani, na inaweza kuwa bustani au uzio wenye njia ya maji. Mnunuzi akiigundua mwenyewe, kasoro haina ukubwa. Ataanza kujiuliza ni nini kingine tumekificha, na atashusha bei kwa kila anachokiwaza.

Tena kuna upande wa sheria. Sheria ya Mikataba inampa aliyeshawishiwa kwa maelezo ya uongo haki ya kuomba mkataba uvunjwe. Kwa mama anayetaka kulipa ada, kudaiwa hela ambayo ameshaipeleka chuoni ni balaa kuliko kuuza kwa bei ya chini kidogo.

Jambo moja nililikagua kabla ya kuandika: je, ule ni mkondo wa maji ya mvua au ni mto? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ungekuwa mto, kusingekuwa na kasoro ya kueleza. Kusingekuwa na kiwanja cha kujenga. Ramani ya upimaji haikuonyesha mto wala korongo, bali barabara na viwanja vya jirani tu.

Picha, na vitu vya kutoweka hadharani

Tulipiga picha sita. Nne kati ya hizo nilisimama kwenye kila jiwe nikielekeza simu kwenye jiwe linalofuata, kwa hiyo mtu anauzunguka mpaka mzima. Ya tano ilipigwa kutoka barabarani ikiwa na nguzo ya umeme, ili aliyefika ajue amefika. Ya sita ni ule ukanda wa maji na michanga yake. Hakuna picha ya nyumba nzuri ya jirani, ingawa ni nzuri kweli.

Kukagulika hakumaanishi kumwaga kila kitu mtandaoni. Picha ya hati yenye jina, saini na namba ni malighafi ya tapeli: anaichukua, anajifanya mwenye mali, anapokea hela ya mtu mwingine. Kwa hiyo hati tuliionyesha kwa mkono kwa aliyefika kiwanjani, na namba yake tukampa huyo ili akafanye upekuzi. Dhidi ya madalali wa cha juu, wanaonakili tangazo na kuongeza milioni yao, tuliandika bei na tarehe juu ya picha zenyewe.

Tangazo lenyewe

Baada ya yote hayo likawa hivi:

"KIWANJA KINAUZWA, IHUMWA, DODOMA. Anauza mwenyewe, si dalali.
Ukubwa: mita za mraba 812 (mita 29 kwa 28). Kimepimwa, mawe yote 4 yanaonekana, njoo na tepu.
Matumizi kwenye hati: makazi.
Mahali: km 2.3 kutoka barabara kuu ya Dar. Km 1.2 changarawe, iliyobaki udongo, huteleza wakati wa mvua. Pini iko chini.
Umeme: nguzo ya mwisho mita 52 kutoka kona ya mbele. Maji: bomba mita 140, bado halijafika kiwanjani.
Nyaraka: hati miliki kwa jina la muuzaji. Mume anaridhia. Kodi ya pango imelipwa hadi mwaka huu wa fedha. Namba ya hati utapewa ukifika, ukafanye upekuzi.
Kasoro: ukanda wa mita 3 upande wa mashariki hupitisha maji ya mvua kubwa. Tazama picha ya 6.
Bei: milioni 9.7 (kama 12,000 kwa mita). Maongezi kidogo baada ya kuona.
Kuona ni bure. Hatupokei hela ya kushikia kabla ya upekuzi."

Ni refu kuliko matangazo ya kawaida, ndiyo. Wengi waliopita hawakuandika kitu. Lakini waliouliza hawakuuliza "bado kipo?" wala "bei ya mwisho?" Waliuliza maswali ya mtu aliyekwisha kusoma: mfereji wa mashariki unaishia wapi, uzio unaweza kuachiwa tundu. Wanne walifika. Mmoja alikuja na fundi na tepu, akapima, akaenda kwa jirani kuuliza habari za maji, akafanya upekuzi wiki iliyofuata. Alilipa milioni 9.3, benki, mbele ya wakili, mume wa mama mdogo akiwepo. Punguzo la laki nne alilieleza mwenyewe kuwa ni la kujengea ule mfereji.

Siku hiyohiyo nilirudi kila mahali nilipokuwa nimebandika tangazo nikaandika juu yake KIMEUZWA pamoja na tarehe. Usiruke hatua hii. Tangazo zuri linaendelea kusambazwa miezi mingi baadaye, na likiwa na pini sahihi, vipimo sahihi na picha sahihi, ndilo ambalo tapeli angependa kulipata likiwa bado halijafungwa.